Mjumbe Hauawi, Lakini Huandikiwa Utoro

Wazee wetu walisema: mjumbe hauawi. Aliyetumwa na watu wake kupeleka neno kwa mwenye nguvu alikwenda na kurudi salama, hata kama neno lenyewe lilikuwa chungu. Waliomtuma walijua kwamba wakimwacha adhuriwe, kesho hapatapatikana mtu wa kutumwa.

Katika viwanda na mashamba yetu ya leo, mjumbe ni yule mfanyakazi ambaye wenzake wamemchagua awasemee mbele ya mwajiri. Twapenda kusema habari zake leo kwa sababu yapo mambo mawili ambayo wengi huyatenganisha, nasi twaona ni jambo moja. La kwanza ni saa anazozitumia katika kazi ya chama cha wafanyakazi, naye angali analipwa mshahara wake. La pili ni ulinzi wake asifukuzwe kwa sababu ya kazi hiyo. Tutaonyesha kwamba penye uzembe katika lile la kwanza, la pili huanguka lenyewe, hata kama sheria ni nzuri namna gani.

Natuanzie Morogoro. Mji ule unakaa chini ya Milima ya Uluguru, na kila asubuhi wapo watu wanaokwenda kazini katika viwanda vya tumbaku, vya nguo na vya kushona. Wengi wao wana ndugu Kinole, Matombo na Mgeta, na mshahara wa mtu mmoja aliye mjini husaidia nyumba zaidi ya moja huko mlimani. Mtu wa namna hiyo akiombwa na wenzake awe mwakilishi wao, hajiulizi tu kama anaweza kusema mbele ya meneja. Hujiuliza pia nani atakayepeleka ada ya shule iwapo kesho atakuta jina lake limefutwa langoni.

Nchi ya Morogoro inalijua vema jambo la saa na maandishi. Katika mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni palikuwa na kipande, yaani kadi ambayo ilitiwa alama kila siku mtu alipomaliza kazi yake, mpaka zitimie siku 30. Siku isiyotiwa alama haikuwa siku. Mtu angeweza kusimama shambani toka alfajiri, lakini nyapara asipotia alama, jasho lake lilipotea. Kipande kimekwenda zake, lakini kanuni yake haikuondoka: kazini, saa isiyoandikwa ni saa isiyokuwapo.

Mwaka 1964 Serikali ilipitisha Sheria ya Kulinda Ajira. Sheria hiyo ilipunguza uwezo wa mwajiri kumtoa mtu kazini papo hapo kwa hasira yake tu. Iliweka orodha ya makosa na adhabu zake, na ikaamuru iundwe Kamati ya Wafanyakazi mahali penye wanachama 10 au zaidi wa chama cha wafanyakazi, ili mwajiri ashauriane nayo juu ya nidhamu. Mwaka huohuo vyama vya wafanyakazi viliunganishwa kuwa chama kimoja, NUTA, kilichoanzishwa kwa sheria, na ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Hivyo ngao ya mwakilishi wa siku zile ilitoka juu. Pale mkono wa juu ulipolegea, ngao nayo ililegea.

Sheria tuliyo nayo sasa ni nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilipitishwa mwaka 2004 na ikaanza kutumika Desemba 2006. Yenyewe haimtegemei mkubwa yeyote. Inatoa haki, kisha inawaachia wafanyakazi na mwajiri waijaze haki hiyo kwa mapatano yao. Hapo ndipo matawi mengi yanapokosea: wanadhani haki ikishaandikwa Dodoma imekwisha kufika Kihonda.

Tutazame yale yaliyomo. Kifungu cha 62, kama kilivyopitishwa, kinahesabu wawakilishi kwa idadi ya wanachama waliopo mahali pa kazi. Wanachama 1 hadi 9 wana mwakilishi mmoja. 10 hadi 20 wana watatu. 21 hadi 100 wana kumi. Na wakizidi 100 wana kumi na watano. Hapo penye zaidi ya 100, watano wa hao kwa uchache wawe wa kuwawakilisha wanawake, maadamu wapo wanawake wanachama. Kazi zao zimetajwa: kumsimamia mwanachama katika vikao vya malalamiko na vya nidhamu, kusema kwa niaba ya wenzao juu ya kanuni za kazi, afya, usalama na hali zao, kuangalia kama mwajiri anazifuata sheria za kazi, na nyinginezo. Kwa kazi hizo wana haki ya kupewa muda unaofaa wenye malipo. Kifungu kinachofuata kinaongeza likizo inayofaa yenye malipo kwa ajili ya mafunzo yanayohusu kazi yao ya uwakilishi.

Msomaji ameliona neno lenyewe: muda unaofaa. Sheria haikusema saa mbili wala saa ishirini. Haikukosea kufanya hivyo, kwani shamba la mkonge si karakana ya kushona, na tawi la watu 12 si tawi la watu 800. Lakini neno lisilojazwa hujazwa na mwenye nguvu. Pasipo mapatano, anayeamua kila asubuhi kama muda unafaa ni msimamizi wa zamu, ambaye yeye mwenyewe anadaiwa hesabu ya kazi na wakubwa wake.

Sasa tuchukue mfano. Mfano huu tumeutunga, wala haumhusu mwajiri yeyote tunayemjua. Lakini hatua zake ni zile ambazo sheria inazifuata. Katika karakana moja ya kushona mjini wapo wanachama 64. Kwa hesabu ya sheria wanastahili wawakilishi kumi. Mmoja wao ni mama mwenye miaka sita kazini, aliyezaliwa Matombo. Jumatatu moja saa nne asubuhi mwenzake anaitwa kwenye kikao cha nidhamu, naye anaombwa akamsimamie. Anamwambia msimamizi kwa mdomo, msimamizi anatikisa kichwa, naye anakwenda. Kikao kinakwisha saa saba. Jioni hesabu ya vipande vyake vya nguo ni pungufu, na katika daftari la mahudhurio zimeandikwa saa tatu za kutokuwapo.

Jambo hilo linatokea tena, na tena. Mara ya pili anapokea barua ya onyo, mara ya tatu onyo la mwisho. Katikati ya hayo amepeleka malalamiko ya wenzake kwamba saa za ziada hazilipwi sawasawa. Wiki mbili baadaye anaitwa kwenye kikao chake mwenyewe. Mashtaka ni mawili: kuacha kazi bila ruhusa na ukaidi. Hakuna mahali popote ambapo chama cha wafanyakazi kimetajwa. Anafukuzwa.

Je, sheria inamlinda? Inamlinda kwa njia tatu. Kwanza, kifungu cha 37 kinasema kwamba si sababu ya haki kumwachisha mtu kwa kuwa ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, au kwa kuwa ameshiriki katika shughuli halali za chama hicho. Pili, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri achunguze kwanza, amweleze mtuhumiwa mashtaka, ampe muda wa kujitayarisha ambao kwa kawaida hautapungua saa 48, na amruhusu asaidiwe na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Tatu, mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ni ya haki anaubeba mwajiri, wala si mfanyakazi.

Haya yote ni mazuri. Lakini tazama kitakachotokea mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwajiri anafungua daftari la mahudhurio, anatoa barua mbili za onyo zilizopokewa na kutiwa saini, na anaonyesha kumbukumbu ya kikao. Mzigo wake ameubeba, kwa karatasi. Tawi nalo lina nini? Hakuna barua iliyompelekea mwajiri majina ya wawakilishi kumi. Hakuna mapatano juu ya saa. Hakuna hata kijikaratasi kinachosema kwamba Jumatatu ile msimamizi alimruhusu. Kuna kichwa kilichotikiswa, na kichwa hakisomeki mbele ya mwamuzi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbe hata mjumbe bila daftari hupotea vivyo hivyo.

Hatusemi kwamba mama huyo atashindwa lazima. Mwamuzi mwangalifu ana mambo ya kuyatazama, na tawi lolote liyajue. Atatazama tarehe: malalamiko ya saa za ziada yalipelekwa lini, na mashtaka yalizaliwa lini? Atauliza kama wafanyakazi wengine waliotoka kwa saa kama zile waliandikiwa onyo au waliachwa. Atauliza kama kanuni ya kuomba ruhusa kwa maandishi ilikuwapo na ikajulikana kabla, au imebuniwa wiki ile. Ataangalia zile saa zenyewe: zikilingana saa kwa saa na kumbukumbu ya kikao cha nidhamu ambacho mwajiri mwenyewe alikiitisha, basi utoro huo ni wa ajabu, maana mtoro alikuwa chumba cha pili akizungumza na meneja. Kwa hiyo tawi liombe kumbukumbu za vikao vyote, na lizitunze. Mara nyingi ushahidi wa mfanyakazi umo katika kabati la mwajiri.

Wala asichelewe. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa kwenye Tume ndani ya siku 30. Tumeona watu wanaozitumia siku hizo katika kumwomba meneja abadili moyo, na wengine katika kupanda mlimani kutaka ushauri wa ukoo. Ushauri ni mwema, lakini kwanza ijazwe fomu.

Hata hivyo, hatuna budi kusema pia mipaka ya ulinzi huu, ili pasiwe na mtu anayejidanganya. Mwakilishi hakupewa kinga ya kufanya apendalo. Akiiba, akimpiga mtu, akiharibu mashine kusudi, cheo chake hakimwokoi. Mwakilishi anayetumia saa za chama kukaa kilabuni anawaibia wenzake kuliko anavyomwibia mwajiri, maana ndiye anayempa msimamizi neno la kusema siku ya haki. Tena, sheria ilivyopitishwa mwaka 2004 iliwaacha nje ya kinga hizi za kuachishwa kazi wale wenye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja. Na wapo wale wa msimu, ambao Morogoro ya tumbaku inawajua sana. Hao hawafukuzwi, mkataba huisha tu, na msimu ujao jina la mwakilishi halimo katika orodha. Hapo sheria ina mlango mmoja: kutokuhuisha mkataba huhesabiwa kuwa kuachishwa kazi, endapo mfanyakazi alikuwa na sababu ya haki ya kutazamia kwamba utahuishwa. Aliyeitwa misimu minne mfululizo anayo sababu hiyo. Basi azitunze karatasi za misimu yote minne.

Twamsikiliza na mwajiri. Yeye husema: mashine ya kushona haijui chama; mtu mmoja akiondoka katika mstari, kumi wanaomfuata wanangoja. Neno hili ni la kweli, na dawa yake si kumnyima mwakilishi muda, bali ni kuujua muda huo mapema. Saa iliyopangwa hupatiwa mtu wa kushika nafasi. Saa ya kushtukiza ndiyo inayosimamisha mstari.

Basi tawi la wale 64 lingefanyaje? Sheria imewaonyesha njia katika kifungu cha 64. Chama kilichosajiliwa humpa mwajiri taarifa, katika fomu iliyowekwa, kwamba kinataka kuitumia haki yake. Ndani ya siku 30 mwajiri hana budi kukutana nacho ili wafikie mapatano ya jinsi haki hiyo itakavyotumika. Akikataa kukutana, au wasipoelewana, chama hupeleka mgogoro kwenye Tume kwa usuluhishi, na usuluhishi ukishindikana huenda Mahakama ya Kazi, ambayo inaweza kutoa amri. Mapatano yakishatiwa saini yanafunga pande zote mbili, na nakala yake hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi.

Ndani ya mapatano hayo liandikwe nini? Twapendekeza mambo manne tu. La kwanza, majina ya wawakilishi na idara zao, na namna ya kumjulisha mwajiri majina yakibadilika. La pili, idadi ya saa. Kwa mfano, saa 8 kwa mwezi kwa kila mwakilishi kwa shughuli za kawaida, na vikao alivyoviitisha mwajiri mwenyewe visihesabiwe humo. La tatu, hati ya kutoka: kijikaratasi chenye nakala mbili, kinachotaja tarehe, saa ya kutoka, saa ya kurudi na aina ya shughuli, kikatiwa saini na msimamizi, nakala moja ibaki kwake, nyingine kwa tawi. Katika jambo hilihili la tatu iandikwe jinsi atakavyolipwa mtu anayelipwa kwa vipande. Kumpa mwakilishi ruhusa na huku hesabu ya vipande imepungua ni kumpa muda bila malipo. Na ahesabiwe wastani wa vipande vyake vya wiki zilizotangulia.

La nne ndilo la kufukuzwa. Sheria yetu haimlazimishi mwajiri kupata kibali cha mtu wa nje kabla ya kumwachisha mwakilishi. Katika nchi nyingine sivyo: Ufaransa, kwa mfano, mkaguzi wa kazi wa Serikali hana budi kutoa idhini kwanza. Majirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya ajira ya mwaka 2007, hawakuweka kibali, lakini wametamka wazi kwamba si sababu ya haki kumfukuza mtu kwa kuwa ni kiongozi wa chama cha wafanyakazi au kwa kuwa amegombea uongozi huo. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1971 Mkataba namba 135 juu ya wawakilishi wa wafanyakazi, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1983. Pendekezo namba 143 lililofuatana na mkataba huo linataja, miongoni mwa njia za kuwalinda, kutaka ushauri au kibali cha chombo kingine kabla ya kuachishwa kwao kuwa kwa mwisho. Tawi laweza kuipata sehemu ya ulinzi huu kwa kalamu yake: liandike kwamba mwakilishi hafunguliwi mashtaka ya nidhamu mpaka kwanza ofisi ya chama ya mkoa iarifiwe na kushauriwa. Mwajiri mwenye sababu ya kweli hatapoteza kitu ila siku chache. Mwajiri mwenye hila atapata shahidi asiyemtaka.

Limebaki neno moja, na hili twalielekeza Bungeni. Chini ya sheria ilivyopitishwa mwaka 2004, mwajiri akiamriwa kumrudisha mtu kazini aweza kukataa, mradi alipe mishahara ya miezi 12 juu ya mishahara na stahili zote tangu siku ya kumwachisha hadi siku ya malipo ya mwisho. Viwango vya namna hii hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo kila tawi lisome toleo la sheria linalotumika sasa. Lakini ubishi wetu hauko katika kiasi. Kwa mfanyakazi wa kawaida, fedha hizo zaweza kuwa faraja. Kwa mwakilishi, ni bei. Mwajiri tajiri atailipa kwa furaha, kwa kuwa hanunui mtu mmoja. Ananunua kimya cha wale 63 waliobaki, waliomwona mwenzao akishinda kesi na bado asirudi. Twasema kwamba mwakilishi aliyethibitika kufukuzwa kwa sababu ya kazi ya wenzake arudishwe mahali pake kama yeye mwenyewe anataka, wala pasiwe na fedha ya kununulia kiti chake.

Hilo la Bunge litachukua muda wake. La hati ya kutoka halingoji Bunge. Tawi lolote lenye kalamu na daftari laweza kulianza Jumatatu ijayo, na kila mwakilishi atakayeitwa kumsimamia mwenzake aombe saini kabla hajainuka katika kiti chake.